Diski Inayobingirika Mteremkoni: Kutoka Nishati Hadi Mchapuko kwa Njia ya Lagrange

Diski ya mbao ikiachiliwa juu ya ubao ulioinamishwa, hufanya mambo mawili kwa mpigo mmoja. Kitovu chake hushuka kufuata mteremko, na papo hapo mwili wake wote huzunguka kwenye kitovu hicho. Kinachotafutwa ni mchapuko wake, yaani kasi yake inaongezeka kwa kiasi gani katika kila sekunde. Kitu kinachoteleza bila msuguano wowote hushuka kwa mchapuko wa g sin α, ambapo g ni mchapuko wa graviti, karibu 9.8 m/s², na α ni pembe ya mteremko. Diski inayobingirika haifikii kiwango hicho. Hupata theluthi mbili zake tu, iwe nzito au nyepesi, pana au ndogo. Ipo njia ya hesabu inayolitoa jibu hilo kwa mistari michache, na inayoonyesha pia ile theluthi nyingine imekwenda wapi.

Njia hiyo ni ya Joseph-Louis Lagrange, mwanahisabati aliyezaliwa Turin mwaka 1736 na kufariki Paris mwaka 1813. Kitabu chake kikubwa cha mekanika, Mécanique analytique, kilitoka Paris mwaka 1788, na katika dibaji yake alimtahadharisha msomaji kwamba hatakuta humo mchoro hata mmoja. Hayakuwa majigambo. Anayefuata njia ya Newton huanza kwa kuchora diski na mishale ya kani zote zinazoigusa: uzito unaovuta chini, ubao unaosukuma kwa pembe mraba, na msuguano unaovuta kinyume cha mteremko. Huyo msuguano ndio wenye taabu, kwa kuwa kiasi chake hakijulikani mwanzoni. Inabidi kuandika mlinganyo mmoja wa kushuka na mwingine wa kuzunguka, kisha kuiunganisha ili msuguano uondoke. Lagrange haanzi na kani. Anauliza mambo mawili tu: diski ina nishati kiasi gani kwa sababu inakwenda, na ina nishati kiasi gani kwa sababu ya mahali ilipo.

Kabla ya hesabu, masharti yawekwe bayana. Diski ni ngumu, unene wake ni mmoja na mbao yake ni ya aina moja kote. Imesimama wima juu ya ukingo wake na inakwenda moja kwa moja bila kukata kona. Ubao umekazwa, haupindi wala hausogei. Upinzani wa hewa umeachwa nje. Sharti lililo zito kuliko yote ni kwamba diski haitelezi hata kidogo mahali inapougusa ubao.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kipimo kimoja kinachotosha kueleza diski iko wapi. Kinachofaa hapa ni s, umbali ambao kitovu kimeshuka kufuata mteremko tangu diski ilipoachiliwa. Ingeonekana kwamba kunahitajika kipimo cha pili, yaani pembe θ ambayo diski imezunguka. Lakini kwa kuwa hakuna kuteleza, kila sentimita ya ubao iliyopitwa imelalia sentimita moja ya ukingo wa diski. Ikiwa nusukipenyo ni R na pembe inapimwa kwa radiani, basi

s = Rθ

Anayejua s anajua θ pia, kwa hiyo kipimo kimoja kinatosha. Vivyo hivyo kwa kasi: kitovu kikienda kwa kasi v, diski inazunguka kwa kasi ya pembe ω = v/R. Mlinganyo huo mfupi ndio unaobeba habari yote ya kutoteleza, na hesabu yote inayofuata inauegemea.

Hatua ya pili ni nishati mwendo, inayoandikwa T. Ina sehemu mbili kwa sababu diski ina miendo miwili:

T = ½mv² + ½Iω²

Sehemu ya kwanza ni ya kusafiri, na m ni tungamo la diski. Sehemu ya pili ni ya kuzunguka, na I ni inesha ya mzunguko, kiasi kinachoonyesha diski ni ngumu kiasi gani kuzungushwa. Kama tungamo lote lingekuwa ukingoni, kama ilivyo kwa pete nyembamba, I ingekuwa mR² kamili. Katika diski, chembe nyingi ziko ndani zaidi na huenda polepole kuliko zile za ukingoni. Ukichukua umbali wa kila chembe kutoka kitovuni, ukauzidisha kwa wenyewe, kisha ukatafuta wastani wa diski nzima, unapata nusu ya R². Hivyo I = ½mR².

Sasa ω inabadilishwa kuwa v/R, na sehemu ya kuzunguka inakuwa ½ × ½mR² × v²/R². R² ya juu na ya chini zinafutana, na kinachobaki ni ¼mv². Hapo ndipo ukubwa wa diski unapotoka katika hesabu, na haurudi tena. Jumla yake ni

T = ½mv² + ¼mv² = ¾mv²

Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa namna mbili zinazopingana. Wa kwanza husahau kuzunguka, wakaandika ½mv² pekee, na mwishowe hupata jibu la kitu kinachoteleza. Wa pili hukumbuka kwamba diski inaweza pia kutazamwa kama inayozunguka kwenye ncha inayogusa ubao, ambako inesha ni 3/2 mR², kisha wakaongeza ½mv² juu yake. Huko ni kuhesabu kusafiri mara mbili. Mtazamo wa ncha ya mguso wenyewe ni sahihi, kwani ½ × 3/2 mR² × v²/R² ni ¾mv² ileile, lakini huo ni ukamilifu wa nishati mwendo na hauhitaji nyongeza.

Hatua ya tatu ni nishati tuli, V, ile inayotokana na kimo. Diski ikishuka umbali s mteremkoni, kimo chake hupungua kwa s sin α. Sifuri ya nishati tuli inaweza kuwekwa popote, na hapa inawekwa mahali diski ilipoachiliwa. Kwa hiyo

V = −mgs sin α

Alama ya kutoa ni ya lazima kwa kuwa s inaongezeka kuelekea chini, wakati nishati tuli inapungua. Ikisahaulika, jibu la mwisho litasema diski inapanda mlima yenyewe; kosa hilo angalau hujitangaza.

Sasa huja kiasi ambacho kimepewa jina la Lagrange, Lagranjiani, kinachoandikwa L. Ni nishati mwendo kutoa nishati tuli:

L = T − V = ¾mv² + mgs sin α

Tofauti hiyo huwashangaza wengi, maana kinachofahamika shuleni ni jumla. Jumla T + V ni nishati yote ya diski, nayo haibadiliki toka juu hadi chini. Tofauti T − V hubadilika kila wakati, na si akiba ya kitu chochote kinachoweza kupimwa kwa chombo. Maana yake ilikuja kuelezwa vizuri zaidi na William Rowan Hamilton wa Ireland katika miaka ya 1834 na 1835: ukijumlisha L kwa muda wote wa safari, safari halisi ya kitu ni ile ambayo mabadiliko madogo ya njia hayaibadilishi jumla hiyo kwa kiwango cha kwanza. Kutokana na sharti hilo unatoka mlinganyo ambao Lagrange na Leonhard Euler walikuwa wameshaufikia, na ambao kwa diski hii unasomeka hivi:

d/dt(∂L/∂v) = ∂L/∂s

Mlinganyo unatisha kwa sura kuliko kwa kazi. Alama ya ∂ inauliza jambo moja dogo: L inabadilika kwa kiwango gani kitu kimoja kikiguswa na vingine vyote vikiachwa vilivyo? Upande wa kulia kinachoguswa ni mahali, s. Upande wa kushoto kinachoguswa ni kasi, v, kisha d/dt inauliza matokeo hayo yanabadilikaje kadiri muda unavyokwenda. Kinachokwaza ni kwamba v yenyewe ni mabadiliko ya s, hivyo inaonekana haiwezekani kugusa moja na kuacha nyingine. Katika hatua hii, hata hivyo, L ni kanuni tu ya hesabu yenye nafasi mbili za kujazwa, moja ya mahali na moja ya kasi, na kila nafasi inaweza kujazwa namba yoyote. Uhusiano wa s na v unarejea pale d/dt inapofanya kazi yake.

Ikiguswa v pekee, neno mgs sin α halitikisiki, na ¾mv² hutoa 3/2 mv. Kasi ya diski ikibadilika kwa mchapuko a, kiasi hicho hubadilika kwa 3/2 ma kila sekunde. Huo ndio upande wa kushoto. Ikiguswa s pekee, ¾mv² halitikisiki, na neno la pili hutoa mg sin α. Huo ndio upande wa kulia. Basi

3/2 ma = mg sin α

Tungamo liko pande zote mbili, nalo linaondoka:

a = 2/3 g sin α

Mstari wa kabla ya mwisho unafaa kutazamwa tena. Kani inayoivuta diski kufuata mteremko ni mg sin α, ileile inayokivuta kitu kinachoteleza. Kilichobadilika ni upande wa pili, ambako diski inajibu kana kwamba tungamo lake ni moja na nusu. Nusu hiyo ya ziada ni inesha ya mzunguko, na ndiyo inayokula theluthi ya mchapuko.

Mfano wenye namba utasaidia. Ubao wa mita 2 umeinuliwa upande mmoja kwa sentimita 20, hivyo sin α ni 0.1. Diski ina tungamo la kilo 0.5 na nusukipenyo cha sentimita 10, na inaachiliwa ikiwa imetulia. Mchapuko wake ni 2/3 × 9.8 × 0.1, yaani takriban 0.653 m/s². Kwa kanuni ya s = ½at², mita 2 zinamalizika kwa sekunde 2.47, na kasi ya mwisho ni 1.62 m/s. Kitu kinachoteleza bila msuguano kingemaliza kwa sekunde 2.02.

Hesabu hiyo inaweza kukaguliwa kwa njia nyingine kabisa. Kushuka kwa sentimita 20 kunatoa nishati ya 0.5 × 9.8 × 0.2, yaani jouli 0.98. Mwisho wa ubao, nishati ya kusafiri ½mv² ni jouli 0.653 na ya kuzunguka ¼mv² ni jouli 0.327, jumla jouli 0.98. Theluthi moja ya nishati imekwenda kwenye mzunguko, theluthi mbili kwenye safari. Mwanafunzi ambaye jumla yake haikubaliani na mgh ajue amekosea inesha au amesahau sehemu moja ya T.

Kwa maumbo mengine, kinachobadilika ni kile kipande cha ½ ndani ya I. Kikiitwa k, mchapuko ni g sin α gawanya kwa 1 + k. Pete nyembamba ina k = 1 na hupata nusu ya g sin α; tufe lisilo na uwazi ndani lina k = 2/5 na hupata 5/7. Juu ya ubao uleule, pete huchukua sekunde 2.86 na tufe sekunde 2.39. Kupima tofauti ya tufe na diski kwa saa ya mkononi ni kujisumbua, kwani ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde na kidole cha mpimaji huchelewa zaidi ya hapo. Vitu vikiachiliwa pamoja, jicho linaona vizuri: tufe likifika chini, diski iko nyuma yake kwa sentimita 13. Diski ikifika, pete imebakiwa na nusu mita nzima. Inafaa kukumbuka kwamba Galileo, katika kitabu chake cha 1638, alieleza jinsi alivyoteremsha mpira wa shaba nyeusi katika mfereji wa ubao ili kuchunguza sheria ya kuanguka. Mpira ule ulikuwa ukibingirika, kwa hiyo sehemu ya nishati yake iliishia kwenye mzunguko ambao hakuuhesabu. Hilo halikuiharibu sheria yake, maana sehemu hiyo ni ileile toka mwanzo hadi mwisho wa safari, na umbali ukaendelea kufuata mraba wa muda.

Kufikia hapa msuguano haujatajwa katika mlinganyo wowote, ingawa bila huo diski isingezunguka kamwe. Sababu ni kwamba msuguano huu haufanyi kazi. Ncha ya diski inayougusa ubao imetulia kwa nukta hiyo ya wakati. Inashuka kutoka juu, inagusa, inanyanyuka, bila kuburuzwa. Kani inayotenda mahali pasipo na mwendo haitoi wala haichukui nishati, na kwa kuwa Lagrange anahesabu nishati pekee, haina pa kuingilia.

Anayetaka kuujua msuguano huo anaweza kuuita kwa makusudi. Badala ya kutumia s = Rθ mapema, s na θ huachwa kama vipimo viwili, na Lagranjiani inakuwa

L = ½mv² + ¼mR²ω² + mgs sin α

Kama sharti la kutoteleza likisahaulika kabisa, milinganyo miwili itasema a = g sin α na kwamba mzunguko haubadiliki. Hilo ni jibu sahihi la swali jingine: diski juu ya ubao usio na msuguano, inayoteleza bila kuzunguka. Sharti linaingizwa kwa kizidishi cha Lagrange, herufi λ, ambacho huongezwa katika mlinganyo wa s kama λ na katika mlinganyo wa θ kama −Rλ. Hivyo

ma = mg sin α + λ
½mR² × (a/R) = −Rλ

Mlinganyo wa pili unatoa λ = −½ma. Ikiwekwa katika wa kwanza, mchapuko unarudi kuwa 2/3 g sin α, na λ inakuwa −1/3 mg sin α. Hiyo λ ndiyo kani ya msuguano, na alama ya kutoa inasema inavuta kuelekea juu ya mteremko. Kwa diski ya mfano ni niutoni 0.163.

Msuguano una kikomo. Hauwezi kuzidi μ mara kani ambayo ubao unasukuma nayo, yaani μmg cos α, ambapo μ ni kizigeu cha msuguano wa nyuso hizo mbili. Kwa hiyo kubingirika bila kuteleza kunawezekana tu iwapo

tan α ≤ 3μ

Ubao wa mfano unahitaji μ ya 0.034 tu, kiasi ambacho karibu mbao yoyote kavu inakizidi. Lakini μ ikiwa 0.3, kikomo ni nyuzi 42 hivi. Kuanzia hapo diski inateleza huku ikizunguka, sharti la s = Rθ limevunjika, na mchapuko wake unakuwa g(sin α − μ cos α). Kwenye mteremko wa nyuzi 60 hiyo ni takriban 7.0 m/s², wakati kanuni ya theluthi mbili ingetoa 5.7. Msuguano sasa unafanya kazi na kugeuza nishati kuwa joto, kwa hiyo hata ukaguzi wa jouli kwa mgh hautakubaliana.

Njia rahisi ya kujua diski imebingirika kweli ni kuweka alama ya chaki ukingoni na kuhesabu mizunguko. Diski ya nusukipenyo cha sentimita 10 ina mzingo wa sentimita 62.8, na katika mita 2 inapaswa kuzunguka mara 3.18. Ikifika chini ikiwa imezunguka pungufu ya hapo, imeteleza njiani. Ikiwa mizunguko imetimia lakini muda ni mrefu kuliko sekunde 2.47, kuna mawili ya kukagua kwanza: ukingo wa diski huenda ni mnene kuliko katikati yake, hivyo k imezidi nusu, au ubao ni laini na unabonyea chini ya diski, ukiila nishati ambayo Lagranjiani hii haikuiandika.